Mitungi Mitatu, Kisima Kimoja

Wanachama wenzetu wa huku Uganda, na ndugu wa Kenya na Tanzania wanaotusoma, wamekuwa wakitujia na swali moja kwa namna nyingi. Mfanyakazi anakatwa fedha ya NSSF kila mwezi, kama sheria inavyotaka. Mwajiri wake ana mfuko wa pensheni wa kampuni. Kisha amekuja wakala mwenye mkoba na karatasi za rangi, akamshauri anunue vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na baada ya mwaka mmoja wakala mwingine akamshauri anunue vya mfuko wa pili na wa tatu. Hoja ya mawakala wote ni ile ile: fedha ikigawanywa katika mifuko mingi, hasara ya mmoja itafidiwa na faida ya mwingine.

Sisi twasema kwamba hoja hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowagharimu wafanyakazi. Mfuko si mali. Mfuko ni chombo tu. Mali ni hisa, hatifungani na amana zilizomo ndani yake. Mtu akiwa na mitungi mitatu iliyojazwa kutoka kisima kimoja, siku kisima kitakapoingia chumvi, mitungi yote mitatu itakuwa na maji ya chumvi. Haimsaidii kwamba mmoja ni mwekundu na mwingine mweusi.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini mifuko mingi ya eneo letu hununua hisa za makampuni yale yale. Si njama. Soko la hisa la Nairobi, ambalo ni kubwa kuliko mengine ya Afrika Mashariki, lina makampuni yapatayo 60 tu, na mengi kati ya hayo hisa zake huuzwa kwa nadra. Meneja wa mfuko lazima aweze kuwarudishia fedha wanachama wanaotaka kutoka. Kwa hiyo hupenda hisa ambazo akizipeleka sokoni asubuhi, mnunuzi hupatikana siku hiyo hiyo. Hisa za namna hiyo ni chache, na kila meneja anazijua: Safaricom, Equity, KCB, East African Breweries, na nyingine kadhaa. Tena, kazi ya meneja hupimwa kwa kulinganishwa na kipimo cha soko zima. Akiiacha kampuni kubwa, na kampuni hiyo ikapanda, atalaumiwa. Akiwa nayo pamoja na wenzake wote, na ikaanguka, atasema kwamba soko lote lilianguka. Hivyo usalama wa meneja ni kufanana na wenzake, lakini usalama wa mwanachama ulitegemea mifuko isifanane.

Sasa tufanye hesabu. Mifuko tutakayoitaja ni ya mfano tu, si ya kampuni yoyote, lakini mgawanyo wake si wa ajabu katika masoko yetu. Tumchukue fundi wa kiwandani Jinja mwenye akiba ya shilingi 3,000,000, aliyeigawa sawasawa katika mifuko mitatu, kila mmoja shilingi 1,000,000.

Mfuko wa kwanza unaitwa mfuko wa hisa. Kati ya kila shilingi 100 zilizomo, 24 zimo Safaricom, 16 Equity, 14 KCB na 12 East African Breweries. Zilizobaki 34 zimo katika makampuni mengine. Mfuko wa pili unajiita mfuko wa Afrika Mashariki. Humo Safaricom ina shilingi 21 kati ya 100, Equity 14, KCB 12, Breweries 11, na zilizobaki 42 zimetawanywa Kampala, Dar es Salaam na kwingineko. Mfuko wa tatu ni wa mchanganyiko. Nusu yake ni hatifungani za serikali. Nusu ya pili ni hisa: Safaricom 12, Equity 8, KCB 8, Breweries 6, na mengine 16.

Fundi huyu akitazama majina, anaona vitu vitatu tofauti. Sasa na aipige hesabu kwa kupenya ndani ya mifuko. Safaricom peke yake ana shilingi 240,000 katika mfuko wa kwanza, 210,000 katika wa pili na 120,000 katika wa tatu, jumla 570,000. Kwa njia hiyo hiyo, Equity ana 380,000, KCB 340,000 na Breweries 290,000. Makampuni manne tu yanashika shilingi 1,580,000. Fedha yake yote iliyo katika hisa ni shilingi 2,500,000, maana 500,000 zimo katika hatifungani. Basi asilimia 63 ya hisa zake ni makampuni manne.

Na kama angekuwa na mfuko wa kwanza tu? Humo makampuni hayo manne yana asilimia 66. Maana yake ni kwamba mifuko miwili aliyoiongeza, pamoja na fomu zake na ada zake, imepunguza msongamano kutoka 66 hadi 63. Hayo ndiyo mavuno yote ya kutawanya hisa aliyoyapata.

Tuseme sasa hisa ya Safaricom imepoteza theluthi mbili ya bei yake, na nyingine zote zimebaki zilipo. Mfuko wa kwanza utapoteza shilingi 160,000, wa pili 140,000, wa tatu 80,000, jumla 380,000. Tumlinganishe na jirani yake ambaye hakuhangaika na mifuko mitatu, bali aliweka shilingi 2,500,000 katika mfuko wa kwanza tu, na shilingi 500,000 akanunulia hatifungani za serikali. Jirani huyo atapoteza 400,000. Tofauti kati yao ni shilingi 20,000 katika akiba ya milioni tatu. Aliyemlinda fundi wetu hakuwa mfuko wa pili wala wa tatu kwa majina yake. Ni zile hatifungani, ambazo hazimo katika kisima cha hisa.

Mtu aweza kuuliza: je, kampuni kubwa namna hiyo huanguka kwa theluthi mbili? Ilitokea. Mwezi wa Agosti 2021 hisa moja ya Safaricom iliuzwa Nairobi kwa karibu shilingi 45 za Kenya. Ilipofika Novemba 2023 ilikuwa chini ya shilingi 15. Kampuni haikufilisika, simu zililia na M-Pesa iliendelea kupokea na kutoa fedha. Lakini riba za nje zilipanda, shilingi ya Kenya ikashuka, na wageni waliokuwa na hisa nyingi wakauza na kuondoka. Mwaka ule wa 2021 kampuni hiyo moja ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya soko zima la Nairobi. Kwa hiyo mfuko wowote uliofuata kipimo cha soko hilo ulikuwa, kwa sehemu kubwa, mfuko wa Safaricom wenye jina jingine.

Hapa inatupasa tuseme neno juu ya mipaka ya nchi, kwa sababu wakala hupenda kusema, "Huu ni wa Kenya, huu ni wa Uganda, kwa hiyo umetawanya." Makampuni kadhaa ya Kenya yameorodheshwa pia katika masoko ya jirani. East African Breweries na KCB zimeorodheshwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Equity imeorodheshwa Nairobi na Kampala, na Kigali pia. Hisa iliyonunuliwa Kampala ni hisa ya kampuni ile ile, faida yake hutokana na bia ile ile na mikopo ile ile. Masoko yenyewe yalitambua jambo hili. Soko la Kampala lina kipimo cha hisa zote, pamoja na za wageni walioorodheshwa, na lina kipimo kingine cha makampuni ya nyumbani peke yake. Dar es Salaam nako kuna vipimo viwili kwa sababu hiyo hiyo. Mfuko unaojipima kwa kile kipimo cha kwanza waweza kuitwa wa Uganda, huku sehemu kubwa ya mwendo wake inaamuliwa Nairobi.

Mambo yaweza kwenda hivyo kwa upande wetu pia. Umeme, kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme Uganda tangu 2005, iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2012 na ikaorodheshwa Kampala na Nairobi. NSSF ya Uganda ndiyo iliyokuwa mwenye hisa mkubwa kuliko wote. Mkataba wa miaka 20 ulikwisha tarehe 31 Machi 2025 na kazi ikarudi kwa shirika la serikali, na kukatokea ubishi juu ya fidia kati ya kampuni na serikali. Mfanyakazi aliyekuwa na akiba yake NSSF, kisha akanunua vipande vya mfuko mwingine wenye Umeme, awe meneja wake alinunua hisa hizo Kampala au Nairobi, alikuwa anausubiri mkataba mmoja, tarehe moja na fidia moja kwa mikono miwili.

Lipo jambo la ndani zaidi, na orodha ya majina hailionyeshi. Makampuni yaweza kuwa tofauti kweli, na bado yakaanguka pamoja kwa sababu yanakula sahani moja. Mwezi wa Agosti 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kuweka kikomo cha riba ya mikopo: benki isitoze zaidi ya alama nne za asilimia juu ya riba ya Benki Kuu. Ndani ya siku chache hisa za mabenki ziliteremka kwa pamoja. Kikomo kile kiliondolewa Novemba 2019, zaidi ya miaka mitatu baadaye. Aliyekuwa na Equity katika mfuko mmoja, KCB katika wa pili na Co-operative katika wa tatu hakuwa na jina hata moja lililorudiwa. Lakini saini moja iliwagusa wote watatu. Kwa hiyo, baada ya kuhesabu majina, hesabu pia biashara: benki ni ngapi, simu ni ngapi, bia na saruji ni ngapi.

Na tusidhani kwamba walio katika mifuko ya soko la fedha wamepona swali hili. Mifuko hiyo huweka fedha katika hati za muda mfupi za serikali na amana za benki. Mwenye mifuko mitatu ya namna hiyo amemkopesha mtu mmoja, yaani Hazina, mara tatu, na kuweka amana katika mabenki ambayo huenda ni yale yale. Yawezekana ni jambo jema kwa fedha ya akiba ya karibuni, lakini asiite mifuko mitatu kinga tatu.

Sasa, jinsi ya kujua. Njia si ngumu, wala haihitaji mtaalamu. Kila mfuko ulioandikishwa hutoa taarifa zake, na taarifa za mwaka ndizo zinazoeleza mali kwa upana zaidi. Baadhi ya karatasi za kila mwezi au robo mwaka huonyesha mali zilizo kubwa kuliko nyingine. Chukua taarifa za tarehe moja, au zinazokaribiana, kwa sababu kulinganisha orodha ya Machi na ya Desemba kutakupotosha. Andika majina ya makampuni upande wa kushoto wa karatasi, na asilimia za kila mfuko katika safu yake. Kisha, kwa kila kampuni iliyomo katika mifuko yote miwili, chukua asilimia iliyo ndogo, na ujumlishe hizo ndogo.

Kwa mifuko ya kwanza na ya pili ya fundi wetu, zilizo ndogo ni 21, 14, 12 na 11. Jumla ni 58. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi 100 alizoweka katika mfuko wa pili, angalau 58 zimenunua kitu ambacho mfuko wa kwanza ulikwisha kukinunua. Twasema angalau, kwa sababu orodha ya wakubwa haionyeshi yaliyorudiwa miongoni mwa wadogo. Kilicho kipya hakizidi shilingi 42, na ada analipa ya shilingi zote 100. Jumla hiyo ikiwa ndogo, tuseme 10 au 15, mfuko wa pili unaleta kitu kwa upande wa majina. Ikipita nusu, basi jina ni jipya lakini mali ni ile ile.

Pasipo karatasi, ipo dalili nyingine. Tazama bei za vipande vya mifuko hiyo katika miezi iliyokuwa mibaya. Kama yote iliteremka mwezi mmoja na kupanda mwezi mmoja, kwa kiasi kinachokaribiana, usitafute ushahidi mwingine. Miezi mizuri haifundishi, kwa sababu karibu kila kitu hupanda. Tena jihadhari na mfuko unaonunua vipande vya mifuko mingine. Huo utaona kumeandikwa jina la mfuko mahali pa jina la kampuni, na itakubidi uufuate mpaka ndani.

Haki nayo isemwe. Hatusemi kwamba mfuko wa pili hauna faida yoyote. Mifuko miwili yenye mameneja mbalimbali na watunza mali mbalimbali humlinda mtu dhidi ya meneja mmoja mzembe au mwizi, na siku mfuko mmoja ukisimamisha malipo kwa muda, wa pili waweza kuwa wazi. Hiyo ni kinga ya kweli. Lakini ni kinga dhidi ya mwenye duka, si dhidi ya bidhaa iliyomo dukani. Anayeitaka hiyo na ainunue kwa jina lake, akijua bei ya hisa ikianguka haitamsaidia. Wala hatusemi kwamba Safaricom au benki yoyote ni kampuni mbaya. Kampuni nzuri nayo yaweza kukuumiza ukiwa nayo mara tatu bila kujua.

Wako watakaosema kwamba katika masoko madogo kama yetu hakuna la kufanya, kwa kuwa makampuni ni machache. Hilo hatukubali. Ni kweli kwamba ndani ya hisa za Nairobi na Kampala nafasi ni finyu. Lakini hesabu ya fundi wa Jinja imetuonyesha mahali nafasi ilipo: katika aina ya mali, si katika wingi wa mifuko. Hatifungani ya serikali hutegemea mambo ambayo si ya hisa, ingawa nayo ina hatari zake, maana riba ikipanda bei yake sokoni hushuka. Mkulima mwenye shamba lake, mwanachama wa SACCO mwenye mikopo ya wenzake, na mwenye chumba cha kupangisha, kila mmoja tayari ana mali ambayo haimo katika orodha ya mameneja. Tena tusisahau mshahara wenyewe. Mfanyakazi wa benki ambaye mifuko yake yote imejaa hisa za mabenki anaweza kupoteza kazi na akiba katika msimu mmoja. Kwake yeye, kisima ni kile kile anachofanyia kazi.

Kwa hiyo tunayo mambo mawili ya kudai. Kwanza, wawakilishi wetu wanaokaa na wadhamini wa mifuko ya pensheni ya makampuni waombe, kila mwaka, jedwali moja la ukurasa mmoja. Pensheni nyingi hukabidhi fedha kwa mameneja wawili au watatu, na wadhamini husoma ripoti ya kila meneja peke yake. Jedwali tunalolitaka lijumlishe mali za mameneja wote, lionyeshe makampuni kumi makubwa kwa jumla na biashara zake. Meneja anazo takwimu hizo tayari, kazi ya kuzijumlisha haizidi nusu siku. Ikiwa jedwali litaonyesha kwamba mameneja watatu wananunua kitu kimoja, wadhamini waulizwe kwa nini wanalipwa watatu.

Pili, mwanachama yeyote asitie saini fomu ya mfuko mpya kabla wakala hajaweka mezani orodha ya mali zake, ilinganishwe na orodha ya mfuko alio nao. Wakala akisema orodha haipo, au kwamba mwanachama hana haja nayo, basi kalamu irudi mfukoni. Swali la kumwuliza ni moja tu, nalo ni fupi: katika kila shilingi 100 nitakazokupa, ni ngapi zitanunua kitu ambacho sina?